Salamu Niliyompelekea Sheikh Byamukama

Ramadhani 2

Nimechoka hata kabla mwezi haujaanza vizuri. Sheikh Byamukama alitufundisha madrasani kwamba Ramadhani kila mtu ajihesabu kabla ya kulala, aandike hata mstari mmoja: leo nimefanya nini, nimesema nini. Wenzangu waliacha zamani. Mimi naendelea, na naandika Kiswahili kwa sababu ndicho alichotufundishia. Yeye alisoma Tanga, na ukimsemea cha mpakani alikuwa anajifanya hasikii.

Leo: nimefunga, nimeuza vitenge, nimebeba marobota matatu kutoka kwenye lori. Mvua.

Ramadhani 3

Mvua. Miguu.

Ramadhani 5

Duka letu liko Mpondwe, hatua chache tu kutoka kwenye kizuizi cha mpaka wa Uganda na Kongo. Mwenye duka ni Hajati Jamidah, na wasichana tuko wawili, mimi na Wivine. Wivine ni Mkatoliki wa Butembo aliyekimbilia huku na watoto wake. Mwaka huu Kwaresma na Ramadhani zimeangukiana, kwa hiyo sote wawili tuna njaa na Hajati ana wauzaji wawili wenye nyuso za kununa.

Leo mama mmoja wa Kikongo ameshika kitenge cha bluu akaniuliza, "Dada, hii inachuja?" Hajati nyuma yangu akakohoa. Kukohoa kwake nakujua, maana yake sema haichuji. Nikasema, "Sijaifua, mama."

Mama akacheka, akaondoka bila kununua. Hajati hakunifokea. Alisema tu kwamba kwa kuwa mimi ni sheikha, marobota ya kesho nitabeba peke yangu. Wivine sasa ananiita Sijaifua.

Sikumjibu vile kwa ujeuri. Ni mdomo umezoea. Sheikh alikuwa anauliza, nani amevunja chaki? Ukisema "Shafik", anauliza, "Umemwona?" Ukisema "Wamesema", anakurudisha ukakae. Sema ulichokiona, na ulichokisikia sema umekisikia. Miaka saba ya namna hiyo mtu haondoki mtupu.

Ramadhani 8

Nimebeba marobota. Mgongo.

Ramadhani 11

Shafik ameandika kwenye kundi letu la simu, sisi tuliosoma kwa Sheikh. Anasema Idi hii tumtumie Sheikh ujumbe mmoja kwa niaba ya wote, wenye picha ya mwezi na maua, maana kila mtu ana kazi na Kyarumba aliko sasa ni mbali. Wote wameweka dole gumba. Mimi sijaweka, lakini sijapinga pia. Nimechoka kupinga.

Zamani haikuwa hivi. Sheikh alipokuwa imamu wa msikiti wetu hapa Bwera, jirani na Mpondwe, ukishasali Idi huendi kwenu kwanza. Unatoka uwanjani na joho lako la idi, unaenda kwake, unapanga mstari uani. Ukifika mbele yake unasema, "Taqabbalallahu minna wa minkum, Sheikh," Mungu atupokelee sisi na ninyi, kisha unataja jina lako na la baba yako kama vile hakujui. Wavulana anawapa mkono. Sisi wasichana anaweka mkono kifuani, na sisi vilevile. Tulikatazwa kupiga goti. Kwetu mwanamke huamkia wakubwa kwa goti, hata mama yangu hupiga, lakini yeye alisema goti mwekee Mungu, na mimi nisalimie umesimama nikuone vizuri.

Anakujibu kwa jina. Kisha anakwambia neno moja lako wewe, siyo la wote. Mwaka ambao baba mdogo alitaka kuniozesha na nilikuwa na miaka kumi na mitano, neno langu lilikuwa, "Nitakuja kwenu Jumanne." Alikuja Jumanne. Alikuja na Jumanne nyingine, na nyingine, akinywa chai ya baba mdogo bila kugombana naye, mpaka baba mdogo akachoka akasema basi, asome.

Mwaka jana mwili wa Sheikh ulipooza upande wa kushoto, wakampeleka kwao mlimani, juu ya Kyarumba. Hajarudi.

Ramadhani 12

Nimejaribu kuandika salamu yangu mwenyewe, ya kutuma. "Mpendwa Sheikh, kwa heshima na taadhima, kwa niaba yangu na familia yangu yote, napenda kuchukua nafasi hii..." Nimefuta. Nimesikika kama mbunge.

Ramadhani 15

Jamira, mke wa Sheikh, amepiga simu leo mchana. Mtandao ulikuwa unakatika kwa mvua, nilisimama mlangoni kwa duka huku Hajati akiniangalia.

"Shadiah, mutoto wangu, Sheikh anafunga."

Nikasema daktari si alimkataza.

"Alimukataza. Na yeye mwenyewe amefundisha batu kwamba mugonjwa asifunge. Lakini anasema leo anajisikia vizuri, kesho tutaona. Kila siku ni leo. Amekonda, hata kuinuka ni kazi. Wewe anakusikiaka. Mupigie, umwambie akule."

Nikasema nitampigia. Sijampigia. Nani atamwambia Sheikh Byamukama kuhusu kufunga? Mimi niliyejifunza kwake nia ya saumu nikiwa sina meno ya mbele? Nimekaa na simu mkononi mpaka magharibi, nikafuturu uji, nikalala.

Ramadhani 17

Nimempigia. Simu haipatikani.

Ramadhani 18

Haipatikani. Muzamiru wa bodaboda anasema juu ya Kyarumba udongo umeporomoka, nguzo za umeme zimelala chini na mnara wa simu umezima. Watu wako salama, barabara mbovu.

Ramadhani 20

Wauzaji wa kahawa walioshuka leo wamesema mvua huko haijapumzika. Hapa pia. Nguo hazikauki, vitenge vinanuka uvundo, na Hajati anataka tuvipulizie manukato. Wivine amepuliza. Alinishika akasema, "Sijaifua, wewe uko na roho ya muzee. Funga macho, puliza." Nikapuliza. Mteja hakuuliza na mimi sikusema. Naandika kwa sababu tumeambiwa tujihesabu.

Ramadhani 23

Salamu, jaribio jingine: "Sheikh, Idi njema. Ulinifundisha kusoma, ukanifundisha kusema kweli, na mimi nimechoka nayo." Nimefuta hiyo pia. Nusu yake tu ndiyo ya kutuma.

Ramadhani 25

Sina kitu. Mvua, kazi, tarawehe nusu, usingizi.

Ramadhani 27

Nimemwomba Hajati siku ya Idi na ya pili yake. Akauliza kwa nini siku mbili. Nikasema nataka kwenda Kyarumba kumpa Sheikh mkono wa Idi, yaani salamu.

"Si umutumie message kama wenzako?"

"Simu yake haipatikani, Hajati."

Yeye pia aliwahi kukaa mbele ya Sheikh, darsa za wanawake za Alhamisi. Kisha akasema niende, na nikirudi nikute marobota yananingoja. Huyo ndiye Hajati, hawezi kukupa asali bila kukuonyesha nyuki.

Wivine ameniambia hawezi kuelewa. Safari yote ile, matope yale, kwa maneno matano? Nikamwambia hata mimi sielewi. Nina hofu tu kwamba hii inaweza kuwa ya mwisho, na nikiituma kwenye simu iliyozimwa itakuwa imebaki mfukoni mwangu. Wivine akanishika bega akaenda kumhudumia mteja.

Ramadhani 29

Jioni tumetoka wote kuangalia mwezi. Mawingu tupu, kuanzia Kongo mpaka milimani. Tumerudi ndani. Baada ya isha redio ya Hajati ikasema Kampala wamepokea habari za walioona, wamezithibitisha, kesho ni Idi. Imamu wetu akatangaza kwenye kipaza sauti cha msikiti. Watoto wakapiga kelele mtaa mzima.

Nimetoa fitri, vibaba vya mchele, yangu na ya mama. Mama anapika pilau. Ujumbe wa Shafik wenye maua umeondoka kwenye kundi kwenda kwa Sheikh. Una alama moja tu, haujafika.

Shawwali mosi, au Ramadhani 30. Nitaeleza

Naandika nikiwa nyumbani kwa Sheikh, nimelalia mkeka wa Jamira. Nimechoka, lakini siku hii nikiiacha mpaka kesho nitaipamba.

Asubuhi nilikoga, nikala tende tatu, nikavaa gauni la kijani. Tukasali uwanja wa shule. Sala ikaisha, hotuba ikaisha, na hapohapo nikapanda boda ya Muzamiru na ndoo ya pilau mapajani, mfuniko umefungwa kwa kanga. Kutoka Bwera mpaka chini ya mlima tulianguka mara moja tu. Kwenye daraja la magogo la Nyamugasani Muzamiru akasimama. Magogo mawili yamechukuliwa na maji. Pikipiki haipiti. "Mimi nakungojea mpaka kesho huku chini, Kyarumba sokoni," akasema, "wewe una miguu." Nikavua viatu, nikaweka ndoo kichwani, nikavuka.

Njia ya kupanda inapita katikati ya kahawa na imekuwa utelezi mtupu. Katikati nikahisi kizunguzungu, nikakaa juu ya jiwe, nikatoa kabalagala, kile kimkate cha ndizi, nikaanza kula. Nilikuwa nimefunga mwezi mzima, na leo ni Idi. Nilikula kwa raha zote.

Akatokea mzee na jembe, kofia ya Kiislamu kichwani imelowa. Nilimjua, ni Mzee Ukasha, mkubwa wa kamati ya msikiti wao. Akaniangalia mdomo.

"Mutoto wa Kiislamu," akasema polepole, "unakula muchana wa Ramadhani. Njiani. Na nguo nzuri hivyo."

Nikadhani ananitania. Wazee wetu hutania hivyo Idi. Nikamcheka, nikamwambia, "Idi mubarak, mzee, karibu kimkate."

Hakucheka. Nikamwangalia jembe, nikaangalia nguo zake za shamba, nikasikiliza. Hakuna takbira. Mlima mzima kimya, watu wanalima. Nikakishusha kimkate.

Hawajui. Simu zimekufa, redio betri zimeisha, jana waliangalia mawingu kama sisi, na mwezi ukifunikwa hukumu ni kukamilisha thelathini. Walikuwa wamefunga. Na siku ya Idi kufunga ni haramu.

Nikamweleza Mzee Ukasha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Twende kwa Sheikh," akatangulia. Njia nzima hakunigeukia.

Sheikh alikuwa barazani kwenye kiti, blanketi mabegani. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mgonjwa, lakini sikujiandaa vya kutosha. Shingo imebaki kamba. Mkono wa kushoto uko mapajani kama kitu alichopewa amshikie mtu. Midomo imekauka nyeupe. Goti langu likataka kukunjika lenyewe, nikalizuia. Nikatua ndoo, nikasimama, nikaweka mkono kifuani.

"Assalaamu alaykum, Sheikh. Taqabbalallahu minna wa minkum. Mimi ni Shadiah binti Abdu."

Salamu akaijibu. Ile ya Idi hakuijibu. Aliniangalia muda, kisha akasema kwa sauti iliyobaki nusu, "Ya kwanza nimekujibu. Hii ya pili nimeipokea, naishika. Nitaijibu nikijua ni Idi. Kaa."

Sikuwahi kumwona akiacha salamu ya mtu hewani. Nilikaa, na machozi yakanijia, nikayaachia.

Jamira akatoka ndani mbio. Aliposikia tu neno Idi akashika kichwa, akasema Alhamdulillah, akageuka kuleta maji. Hapo ndipo Mzee Ukasha alipopata neno lake.

"Sheikh, niruhusu. Huyu ni mutu moja, na ni musichana. Nimemukuta anakula njiani. Na mama hapa, siku zote anataka wewe ukule, sisi wote tunamusikia akilia. Alikuwa anamupigia huyu simu. Mimi sisemi ni waongo. Nasema mwezi wa kufungua unataka mashahidi wawili. Tukifungua batu wote kwa maneno ya mutoto, na ikawa si kweli, Mungu atatuuliza sisi, hatamuuliza yeye."

Watu walikuwa wameanza kukusanyika uani, na majembe yao. Wote wakaniangalia. Na ubaya wake, mzee hakuwa mjinga. Jamira kweli alinipigia, na mimi kweli nilitaka Sheikh ale, nilitaka kuliko kitu kingine. Ningekuwa yeye ningeshuku pia.

Jamira alisimama na kikombe cha maji mkononi. Sheikh hakukitazama.

"Shadiah. Jamira alikupigia simu?"

"Ndiyo, Sheikh. Aliniomba nikwambie ule. Sikuthubutu, na nilipothubutu simu ilikuwa imezima."

Mtu nyuma akaguna.

"Umeuona mwezi?"

Ningesema ndiyo, yangeisha palepale. Maji yalikuwa karibu na mkono wake, kikombe kile cha bati, na midomo yake ile. Nilikiona kikombe na nikaiona ile ndiyo, imekaa ulimini tayari.

"Sijauona, Sheikh. Bwera kulikuwa na mawingu."

"Mwenyewe hajauona," akasema Mzee Ukasha, si kwa ubaya, kama mtu aliyetua mzigo.

"Basi umejuaje?"

"Nimesikia redio ya Hajati Jamidah baada ya isha, kwa masikio yangu. Walisema Kampala wamepokea walioona, wamethibitisha. Kisha imamu wetu akatangaza msikitini, hilo pia nimelisikia mwenyewe. Asubuhi nimesali Idi uwanja wa shule, na watu wa misikiti yote ya Bwera."

"Takbira ngapi?"

"Rakaa ya kwanza saba baada ya ile ya kuhirimia. Ya pili tano baada ya ile ya kuinukia."

"Adhana?"

"Hakuna adhana wala ikama. Aliita Assalaatu jaamia. Hotuba ikaja baada ya sala."

"Fitri ulitoa lini?"

"Jana usiku, kabla ya sala."

Akafumba macho. Nikadhani ameshindwa kuendelea. Alipoyafumbua alimtazama Mzee Ukasha, akamwita kwa heshima, "Mzee wangu."

"Ndiyo, Sheikh."

"Mashahidi wawili ni wa mtu anayesema nimeuona mwezi. Huyu hakuja na ushahidi. Ushahidi umekwisha kupokelewa na wenye kazi hiyo. Huyu ameleta habari yao, na habari, akiileta mtu tunayemwamini, tunaifuata. Linabaki swali moja, tunamwamini au hatumwamini." Akapumzika kidogo. "Angetaka nile, angesema ameuona."

Mzee Ukasha alikuwa anaifikiria kweli, niliona. Kisha akaegemeza jembe ukutani.

"Haya," akasema. "Jua halijapinduka. Tusali."

Sheikh akanyoosha mkono wa kulia, Jamira akampa kikombe. Akasema bismillahi, akanywa yote. Nusu ilimwagika kifuani na hakuna aliyemfuta, tuliogopa hata kusogea.

Baada ya hapo ilikuwa mbio. Adhuhuri kwetu ni saa saba na ikiingia sala ya Idi imepita. Sheikh akaagiza kila mtu alete fitri yake kwanza, mahindi, maharage, chochote wanachokula. Wanawake wakaja na mabakuli, wakamimina kwenye turubai, na hapohapo wakagawiwa wasio na kitu. Wengine walikoga mtoni, wengine walibadili shati tu. Watoto wakapanda juu ya mawe wakaanza, "Allahu akbar, Allahu akbar," na upande wa pili wa bonde watu wakasikia, wakaitikia, na majembe yakaanza kushuka. Zile takbira sitazisahau. Nyuso zote zilikuwa na tope.

Walimbeba Sheikh na kiti chake mpaka uwanjani. Alisalisha amekaa, Mzee Ukasha nyuma yake akimpazia sauti. Saba, kisha tano. Hotuba yake ilikuwa sentensi mbili na sikusikia vizuri, nilikuwa nalia na mama mmoja alinikanyaga kanga.

Salamu zilipoanza wote wakapanga mstari kwake. Nikaenda kusimama mwisho. Akaniona, akaniita kwa mkono nije mbele.

"Shadiah binti Abdu," akasema. "Taqabbalallahu minna wa minkum. Nilikuwa na deni lako."

Nikangoja neno langu, lile la kila mtu na lake.

"Kesho sitafunga, hata zile sita za Shawwali," akasema. "Wala Ramadhani ijayo, nikiwa hivi. Mwambie Jamira umenisikia mwenyewe."

Kisha akauliza kama kwenye ndoo kuna pilau au kuna hotuba nyingine. Amekula vijiko vinne. Jamira ndiye aliyehesabu.

Shawwali 2

Nimemuaga asubuhi. Ameniambia nisishuke kwa njia niliyopandia, jana sikuitimiza sunna ya njia mbili, kwenda sala ya Idi kwa moja na kurudi kwa nyingine. Nikasema sijui njia nyingine. Mzee Ukasha, aliyekuja kumjulia hali, akasema yeye anaijua.

Alinipitisha katikati ya kahawa yake. Mvua ilikuwa imekata. Ndoo, ambayo sasa Jamira ameijaza maharage, aliichukua mkononi mwangu bila kusema kitu, akaiweka kichwani kwake, mzee wa umri ule, mbele za watu wote wa shambani. Nilimwomba mara tatu anirudishie, akaendelea kutembea.

Hakuniomba radhi na sikuihitaji. Darajani alitua ndoo, akaweka mkono kifuani, akasimama wima mbele yangu kama mimi nilivyosimama mbele ya Sheikh.

"Taqabbalallahu minna wa minkum," akasema. "Mimi ni Ukasha bin Salimu."

Nikamjibu kwa jina.